Kipeperushi cha kuosha pua kwa maji ya chumvi: kosoeni rasimu kabla haijachapwa

Karatasi_Moja
Wakuu, nina rasimu ya kipeperushi cha wagonjwa watu wazima wanaoanza kuosha pua nyumbani, wengi wakiwa na mafua ya mzio au sainasi sugu. Kila mmoja anapewa chupa laini ya kuminya ya mililita 240. Ukurasa ni mmoja, na msomaji hatakuwa na mtu wa kumuuliza. Rasimu inasema hivi:

1. Chemsha maji, kisha yaache yapoe.
2. Weka chumvi kidogo kwenye chupa, jaza maji, tikisa.
3. Inamisha kichwa, minya chupa puani. Upande mmoja, kisha wa pili.
4. Penga kamasi.
5. Suuza chupa kwa maji, ihifadhi.
6. Ukipata shida, acha na umwone daktari.

Semeni palipo na kasoro, na kwa nini.

Chujio
Kila mtu atakimbilia namba 1, lakini kosa kubwa liko namba 5. Mgonjwa amechemsha maji vizuri, ameyapoza, ameosha pua. Halafu anasuuza chupa kwa maji ya bomba na kuifunga kifuniko ikiwa bado imelowa. Kesho asubuhi anamimina maji yake safi ndani ya chupa yenye matone ya bomba yaliyolala humo usiku kucha. Alichokiua kwenye sufuria amekirudisha kwa mkono wake mwenyewe.

Chupa isuuzwe kwa maji yaleyale yaliyochemshwa. Ioshwe kwa sabuni, isuuzwe mpaka povu liishe, ikung'utwe, kisha isimame kichwa chini bila kifuniko hadi ikauke kabisa. Mrija wa ndani utolewe na ukaushwe pembeni, maana ndimo unyevu unapojificha. Ukipitisha kidole ndani ya chupa ukahisi utelezi, huo ni utando wa bakteria. Wakishajenga utando, kusuuza tu hakuwatoi. Chupa hiyo itupwe. Watengenezaji wengi wanasema chupa ibadilishwe kila miezi 3, nami ningeiandika hivyohivyo.

Namba 1 nayo haijakaa sawa. "Chemsha" kwa mtu wa kawaida ni mpaka birika lianze kulia. Birika la umeme hujizima lenyewe sekunde chache baada ya maji kuanza kutokota. Andika: maji yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima kwa saa. Anayeishi mahali palipoinuka zaidi ya mita 2,000 afanye dakika 3, kwa kuwa huko maji hutokota yakiwa na joto dogo zaidi. Sufuria ni rahisi kusimamia kuliko birika.

Tonetone
Mnawatisha watu bure. Maji ya bomba yana klorini, na juu yake mnatia chumvi ambayo yenyewe inaua vijidudu. Watu wanayanywa kila siku na hawafi. Ukimwambia mgonjwa achemshe, apime, akaushe, siku ya tatu ameacha kabisa. Mwambieni anunue maji ya kunywa ya chupa, biashara imekwisha.

Chujio
@Tonetone, kuhusu mgonjwa kuchoka uko sawa, nitalirudia hilo. Mengine hapana.

Kunywa na kupitisha puani ni njia mbili tofauti. Kinachomezwa kinakutana na asidi ya tumbo. Juu kabisa ya pua kuna neva za kunusa, na kati yake na ubongo ni mfupa mwembamba wenye vitundu vingi. Amiba aitwaye Naegleria fowleri huishi kwenye maji yasiyo ya bahari, hupenda joto, na akifika pale juu hupanda na neva hizo. Ukimmeza hana la kukufanya. Mwaka 2011 huko Louisiana, Marekani, watu wawili walikufa kwa ugonjwa huo baada ya kuosha pua kwa maji ya bomba. Ni ugonjwa adimu sana, na kipeperushi kinapaswa kusema hivyo wazi. Lakini ukishaingia, wanaopona ni wachache mno, na kinga yake ni dakika moja ya moto. Ndiyo maana hatubahatishi.

Klorini inasaidia kweli, ila hupungua kadiri maji yanavyokaa kwenye mabomba marefu na matangi yenye joto. Aliyesimama kwenye sinki hajui imebaki kiasi gani. Chumvi ya kiwango tunachotumia ni sawa na ya damu, gramu 9 kwa lita. Kiwango hicho hakiui amiba wala bakteria. Kipo ili pua isiwashwe, basi.

Maji ya kunywa ya chupa si lazima yawe yametakaswa vijidudu vyote. Yamepimwa kwa ajili ya kunywa. Lebo inayokubalika ni ile inayosema maji yamekenekwa, yaani mvuke uliokusanywa ukawa maji tena, au yametakaswa vijidudu vyote. Lebo isiposema hivyo, yachemshwe kama mengine.

Mzoefu_Kidogo
Na yale majagi ya chujio la mkaa? Si yanachuja kila kitu?

Chujio
Hayo huondoa ladha na harufu ya klorini, yaani yanakuondolea hata ulinzi mdogo uliokuwepo. Kuna kisa kilichochapishwa 2018 kutoka Seattle cha mwanamke aliyeosha pua kwa maji ya bomba yaliyopita kwenye chujio la nyumbani. Alikufa kwa amiba wa aina nyingine, Balamuthia. Madaktari wake walishuku kuosha pua ndiko kulikomwingiza. Chujio linalofaa ni lenye tundu lisilozidi maikroni 1, na lebo iseme hicho ndicho kipimo halisi, si wastani. Kwa kipeperushi cha ukurasa mmoja ningeliacha suala la chujio. Litaleta maswali mengi kuliko majibu.

MamaPacha
Samahani nimeingilia. Wangu wana miezi 7, pua zimeziba, hawanyonyi vizuri. Hiyo chupa ya 240 naigawa mara ngapi kwa kila mtoto?

Sauti_ya_Koo
Dada, usiitumie kabisa kwa hao. Hii ni ya watu wazima wanaoweza kuinama na kupumua kwa mdomo wanapoambiwa. Mtoto wa miezi 7 hawezi, na maji ya kuminywa yatampalia. Kwake ni matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa tayari, mawili au matatu kila tundu, subiri kidogo, kisha vuta kamasi taratibu kwa kipira kabla ya kunyonya. Ila kama wanakataa kunyonya, wanapumua haraka, au mbavu zinabonyea wakivuta pumzi, wapeleke hospitali leo hii.

@Karatasi_Moja, umeona? Neno "watu wazima" liwe kwenye kichwa cha habari, tena kwa herufi kubwa. Kipeperushi hakikai mkononi mwa uliyempa tu.

MamaPacha
Asante. Nawapeleka.

Kipimo_Sawa
Mimi nina neno na namba 2. "Chumvi kidogo" si kipimo. Hapa ndipo wagonjwa wengi wanapokata tamaa wakidhani pua yao haiendani na dawa.

Tuchukue mgonjwa anayelalamika kwamba kila akiosha, pua inamchoma kama aliyevuta maji ya bwawa la kuogelea. Anaulizwa anatia chumvi kiasi gani, anasema robo kijiko cha chai kwenye chupa nzima. Kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa mgongo wa kisu, ni gramu 6 hivi. Robo yake ni gramu 1.5. Kwenye mililita 240 hiyo ni kama gramu 6 kwa lita, wakati tunataka 9. Maji yake ni mepesi kuliko majimaji ya mwili, kwa hiyo seli za utando wa pua zinayafyonza na kuvimba, na mtu anahisi mchomo uleule wa bwawa. Akiambiwa aongeze chumvi anashangaa, maana alishaanza kuipunguza akidhani ndiyo inayomchoma.

Sasa mwingine anachota kijiko kizima kilichorundikana, gramu 8 au zaidi, anatia kwenye chupa ileile. Hiyo inapita gramu 33 kwa lita, karibu na bahari. Naye inamchoma, ila mchomo wa kukausha, na kamasi linamwagika muda mrefu baadaye. Malalamiko ni yaleyale, "inachoma", lakini dawa zake zinapingana. Ndiyo maana swali la kwanza ni kipimo.

Ningeandika hivi: lita 1 ya maji, kijiko 1 na nusu cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa. Kupima kwa lita kuna faida yake. Ukikosea punje kadhaa kwenye lita huhisi kitu, ukikosea hizohizo kwenye chupa ndogo utahisi. Chumvi ya mawe usiipime kwa kijiko, kwa sababu ina hewa nyingi katikati ya punje na kijiko kimoja hubeba pungufu. Mwenye mzani apime gramu 9 asahau vijiko.

Tonetone
Umesahau magadi. Maelezo mengi wanasema uchanganye na magadi ndiyo mchomo upungue.

Kipimo_Sawa
Hapo ndipo pa kuogopa. Maelezo hayo yanakusudia soda ya kuokea keki, na kweli inapunguza ukali kidogo. Lakini kwa Kiswahili neno magadi linabeba vitu vitatu au vinne: soda hiyo, magadi ghafi ya mawe, na hata soda ya kutengenezea sabuni ambayo ni kali kiasi cha kuunguza. Wengine watatumia unga wa kuumulia keki, wenye asidi na wanga ndani yake. Ukiandika "magadi" kwenye kipeperushi hujui msomaji atashika kopo gani. Maji ya chumvi peke yake yanatosha. Toa kabisa.

Chumvi yenye madini joto, kuna wanaosema isitumike kwa kuwa inawasha. Wengine hawaoni tofauti. Ikiwa isiyo na madini joto inapatikana, itumiwe. Isipopatikana, sitamzuia mtu kwa hilo.

Mzoefu_Kidogo
Chumvi itiwe kabla ya kuchemsha au baada?

Kipimo_Sawa
Mimi husema kabla. Pima lita 1, tia chumvi, chemsha, kwa hiyo chumvi na kijiko vyote vinapita motoni. Kwa dakika moja maji yanayopotea kwa mvuke hayabadilishi kitu cha maana.

Chujio
Nami husema baada. Mtu akisahau sufuria jikoni dakika 20, maji yamepungua na chumvi imebaki yote, hajui tena ana kiwango gani. Chumvi kavu haina kitu cha kutisha kama kopo ni safi na kijiko kikavu.

Kipimo_Sawa
Aliyesahau sufuria dakika 20 amwage aanze upya, awe ametia chumvi au hajatia. Hapa hatutakubaliana mkuu. Karatasi achague moja asiandike zote mbili.

Chujio
Sawa. Kinachonihusu zaidi ni kinachofuata. Sufuria ifunikwe maji yanapopoa, kisha yamiminwe kwenye chombo safi chenye kifuniko. Yasichotwe kwa kikombe wala kuingizwa mkono. Yatumike ndani ya saa 24, yanayobaki yamwagwe. Na hili ndilo jibu la uchovu alioutaja @Tonetone: lita moja inatosha kuosha asubuhi na jioni, na nusu yake inabaki ya kusuuzia chupa. Anachemsha mara moja kwa siku, usiku baada ya chakula, asubuhi yameshapoa. Asiyachanganye na maji ya bomba ili yapoe haraka. Hilo liandikwe neno kwa neno, kwa sababu mwenye haraka ndivyo anavyofanya.

Sauti_ya_Koo
Sasa namba 3 na 4, mbinu yenyewe.

Maji yawe vuguvugu. Tone moja ndani ya kifundo cha mkono lisihisiwe moto wala baridi. Ya baridi yanauma na yanaweza kuleta kizunguzungu, ya moto yanaunguza utando. Yakishapoa sana, chupa iliyojazwa itumbukizwe kwenye bakuli la maji ya moto ikiwa imefungwa.

Mikono inawiwe. Mtu ainame juu ya sinki, uso ukielekea chini. Wengi huinua kidevu kama wanaotia matone ya dawa, na hapo maji yote yanashuka kooni. Mdomo uwe wazi na apumue kwa mdomo. Ncha ya chupa izibe tundu la pua bila kusukumwa ndani, na ielekee nyuma kidogo upande wa jicho la upande huohuo, isielekee ukuta wa kati. Ukuta huo una mishipa midogo mingi karibu na ngozi, ukichokolewa kila siku utatoa damu.

Anaminya polepole, nusu ya chupa, huku akitoa sauti ya "kaaa". Sauti hiyo inainua kaakaa laini na kufunga njia ya koo. Maji yatatoka tundu la pili, mengine mdomoni, ayateme. Asimeze wala asiongee katikati. Kisha upande wa pili kwa nusu iliyobaki.

Nguvu ya mkono ndiyo inayoharibu. Kuna mrija kutoka nyuma ya pua hadi sikio la kati, na ukiminya kwa ghafla, au ukimeza katikati, maji yanaweza kuingia humo. Dalili yake ni sikio kujaa au kuuma papo hapo. Aache, asubiri, na mara nyingine aminye kwa nusu ya nguvu ile. Akikuta upande mmoja umeziba kabisa maji hayapiti, asilazimishe. Aanze na ulio wazi, au asubiri siku pua ikifunguka.

Baadaye aendelee kuinama nusu dakika, ageuze kichwa kushoto na kulia maji yatoke. Apenge taratibu matundu yote mawili yakiwa wazi. Kubana tundu moja na kupenga kwa nguvu kunarudisha maji kwenye sikio lilelile tulilokuwa tunalikwepa. Na asilale mara moja. Saa moja kabla ya kulala ni sawa.

Mwenye dawa ya kupuliza puani aoshe kwanza, asubiri maji yaishe kutoka, robo saa hivi, ndipo apulize. Akibadili mpangilio anaosha dawa aliyoinunua.

Ndugu_Mzio
Mimi maji yanatoka puani saa nzima baadaye nikiinama kufunga kamba za viatu. Ubongo unavuja?

Sauti_ya_Koo
Hapana. Maji hubaki kwenye vyumba vya hewa usoni na kumwagika ukiinamisha kichwa. Ni kawaida. La kuangalia ni majimaji meupe kama maji, ya tundu moja tu, yanayotoka siku ambazo hukuosha, hasa kwa mtu aliyewahi kuumia kichwa au kufanyiwa upasuaji wa pua. Huyo aache kuosha na aende hospitali, maana hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo kweli.

Na hapo tumefika namba 6. "Ukipata shida" haimwambii mtu chochote. Gawa mara mbili.

Kwanza, wasioanza bila ruhusa ya daktari: aliyefanyiwa upasuaji wa pua, sikio au kichwa karibuni, aliyevunjika mifupa ya uso, mwenye maambukizi ya sikio, na mwenye kinga ya mwili iliyoshuka. Huyu wa mwisho akiruhusiwa, atumie maji yaliyotakaswa kiwandani kama anaweza kuyapata.

Pili, waliokwisha anza. Aache kwa siku chache kama damu inatoka, sikio linauma, au mchomo unaendelea hata baada ya kusahihisha chumvi na joto. Michirizi michache ya damu kwenye kamasi si sababu ya hofu, ila damu inayotiririka ni nyingine. Aende hospitali haraka akipata homa na maumivu makali ya kichwa, shingo kukakamaa, kutapika au kuchanganyikiwa ndani ya wiki mbili hivi baada ya kuosha. Vilevile jicho likivimba au akiona vitu viwiliviwili. Na amwambie daktari kwamba alikuwa anaosha pua, na kwa maji gani. Asiposema hakuna atakayewaza amiba, na ugonjwa huo hauna siku za kupoteza. Dalili zake huanza siku 1 hadi 12 baada ya maji kuingia.

Karatasi_Moja
Na aliyepona? Aendelee kila siku?

Sauti_ya_Koo
Aliyekuwa na mafua au sainasi ya ghafla aache dalili zikiisha. Kamasi lina kazi yake, halina haja ya kuoshwa maisha yote. Mwenye mzio aoshe msimu wake, au baada ya kukaa kwenye vumbi.

Kipimo_Sawa
Sikubaliani moja kwa moja. Mwenye sainasi sugu akiacha, wengi wanarudi walikokuwa. Huyo ni wa kupunguza, mara mbili kwa siku ziwe moja, kisha siku moja moja, halafu aone.

Sauti_ya_Koo
Kwa sainasi sugu nakupa haki. Ila kasi ya kupunguza aiweke anayemtibu. Kipeperushi kisiweke ratiba moja kwa wote.

Karatasi_Moja
Nimeandika upya sehemu ya maji na chumvi, mengine yanafuata usiku:

"KWA WATU WAZIMA TU. Pima lita 1 ya maji. Tia kijiko 1 na nusu cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa. Chemsha. Yakianza kutokota kwa nguvu, hesabu dakika 1 (dakika 3 ukiwa juu ya mita 2,000). Funika yapoe. Usiongeze maji ya bomba. Mimina kwenye chombo safi chenye kifuniko. Tumia ndani ya saa 24, yanayobaki mwaga. Chupa isuuze kwa maji yaliyochemshwa, ikauke kichwa chini bila kifuniko."

Chujio
Nzuri. Ila lita 1 wataipima na nini? Chupa uliyowapa ni ya 240. Andika "chupa 4 zilizojaa hadi mstari" na hutakuwa mbali na lita. Halafu sema chupa ioshwe kabla ya matumizi ya kwanza, kwa kuwa utakuwa umewapa sababu ya kuijaza maji ya bomba.

Karatasi_Moja
Duh. Kweli, nitakuwa nimewarudisha namba 5. Bora waandikiwe jagi la kupimia, chupa isiguse maji mabichi kabisa.

Mzoefu_Kidogo
Na asiye na jagi?

Kipimo_Sawa
Chupa yoyote ya maji iliyoandikwa ujazo wa lita moja au nusu lita.